Muuguzi ambaye hakuanguka: kisa cha rasimu moja ya uchambuzi wa dhana ya ustahimilivu

Rasimu ilinifikia ikiwa na kurasa 17 na kichwa kilichoahidi kuchambua ustahimilivu wa wauguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi. Mwandishi wake ni muuguzi wa miaka mingi ambaye sasa anasoma shahada ya uzamili. Lugha ilikuwa safi, na hatua zote nane za uchambuzi wa dhana za Walker na Avant, waandishi wa uuguzi, zilikuwepo, kila moja na kichwa chake kidogo: kuchagua dhana, lengo, matumizi ya dhana, sifa bainifu, kisa kielelezo, visa vingine, vitangulizi na matokeo, kisha viashiria vinavyoonekana. Nilisoma nikitikisa kichwa kwa kukubali hadi ukurasa wa 11, kwenye kisa kielelezo. Hapo nikaweka kalamu chini.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Muuguzi anafanya zamu mbili mfululizo kwa kuwa wenzake wawili wanaumwa. Usiku huo anafiwa na wagonjwa wawili. Halii wala halalamiki, anamaliza kazi zake zote, na siku ya pili yuko kazini kwa wakati. Mwezi mzima unakwenda hivyo. Mwishowe mkuu wa wodi anamtaja mbele ya wenzake kuwa mfano wa kuigwa.

Kisa kielelezo ni kile chenye sifa zote bainifu za dhana, bila pungufu. Walker na Avant waliurithi utaratibu huu kutoka kwa John Wilson, aliyeuandika mwaka 1963 kwa ajili ya wanafunzi wa kawaida wala si wauguzi, na kipimo chake ni rahisi: msomaji akikimaliza aseme, kama hiki si chenyewe, basi hakuna kingine. Mimi nilikimaliza nikasema, huyu ni mvumilivu, na huenda amekaribia kuungua kwa uchovu wa kazi.

Tulipoketi nilimuuliza swali moja tu. "Sista, huyu muuguzi wako aliangushwa na nini, na aliinuka lini?"

Akafikiri kidogo. "Hakuanguka, mwalimu. Ndiyo maana nikamwita mstahimilivu."

Jibu lile lilinionyesha kuwa kasoro haikuzaliwa ukurasa wa 11. Kisa kielelezo ndicho mahali pa kwanza ambapo dhana inalazimika kuvaa mwili, kwa hiyo ndipo makosa ya nyuma yanapoonekana. Ukikiandika upya bila kurudi nyuma, umepaka rangi ukuta wenye ufa. Tukarudi nyuma.

Neno lililomponza

Stahimili ni ndugu wa himili, na shina lake la Kiarabu ni la kubeba. Hamali, mchukuzi wa mizigo, ametoka katika shina hilohilo. Msemaji wa Kiswahili anaposikia ustahimilivu, picha inayomjia ni ya mtu aliyejitwika mzigo mzito na hautui. Lakini dhana ya kitaalamu ambayo sisi tumeipa jina hili imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini kinachomaanisha kuruka na kurudi, kama mpira unaodunda. Katika picha ya kwanza hakuna kuanguka hata kidogo. Katika ya pili, kisichogongwa kikabonyea hakina pa kurudi kutoka.

Mwanafunzi huyu alisoma makala kuhusu picha ya pili na kuandika kisa cha picha ya kwanza. Sikumshauri abadili neno, maana ustahimilivu limeshazoeleka na kubuni jipya kungezaa ugomvi mwingine. Nilimwomba aandike aya moja, katika hatua ya matumizi ya dhana, inayozitenga picha hizo mbili na kusema wazi ni ipi anayoichambua. Kwa maoni yangu hatua hiyo ndiyo inayofanywa kivivu kuliko zote. Wengi hunakili maana ya kamusi, wakaweka nukta, wakasonga mbele.

Utafutaji uliofunga mlango

Alitafuta makala kwenye CINAHL, hifadhidata ya makala za uuguzi, kwa mstari huu, akiwa ameweka kichujio cha miaka 5 iliyopita:

```
TI resilien* AND TI nurs* AND "intensive care"
```

Kinyota kinashika miishio yote ya neno, na TI inataka neno liwe kwenye kichwa cha makala. Kwa swali la kama mafunzo fulani yanawasaidia wauguzi, mstari huu na kichujio hicho vingemfaa. Kwa swali la neno lina maana gani, vilimziba macho. Alichokipata ni wauguzi wanaonukuu wauguzi, na wengi wao walikuwa wakirudia fasili zilezile mbili au tatu. Alipoona fasili moja imejitokeza mara kumi na mbili aliihesabu kuwa ushahidi wa makubaliano, kumbe alikuwa akisikia mwangwi.

Kichujio kikaondolewa, tukaongeza mstari wa pili usiotaja uuguzi kabisa:

```
TI resilien* AND (TI defin* OR TI concept*)
```

Tulipofuata na marejeo ya makala tulizopata, dhana ikafunguka. Katika fizikia neno hili linahusu nishati ambayo kitu hufyonza kinapokunjwa na kuitoa kinapoachiwa, bila kubaki kimepinda. Katika ikolojia, Holling aliandika mwaka 1973 kuhusu uwezo wa mfumo wa viumbe kufyonza misukosuko na kuendelea kuwepo hata ukiwa umebadilika, akautofautisha na utulivu wa kurudi palepale. Katika makuzi ya watoto, Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Karibu theluthi yao walikulia katika hatari nyingi, kama vile umaskini na ugomvi wa nyumbani, lakini takriban mmoja kati ya kila watatu wa kundi hilo alifikia utu uzima akiwa mtu anayejiweza na anayejali wengine.

Nyanja tatu zina mielekeo mitatu: kurudi kwenye umbo, kuendelea kuwepo kwa kubadilika, na kukua vizuri licha ya hatari. Mwanafunzi alinitazama kwa wasiwasi. Alidhani kazi yake ni kuchagua mwelekeo mmoja na kuitupa mingine miwili. Kazi yake katika hatua hii ni kuionyesha yote, kisha kueleza ni kitu gani kinabaki kila mahali na ni kipi kinabadilika kwa kuhama nyanja. Kilichobaki kila mahali kilikuwa kitu kimoja: lazima pawepo pigo. Hata kile kisiwa kisingetuambia lolote kuhusu ustahimilivu kama watoto wote wangelelewa kwa raha.

Mwaka 2000 Luthar na wenzake walilalamika kwamba waandishi huliita ustahimilivu kila kitu, mara tabia ya mtu, mara mchakato, na wakasisitiza kuwa ni mchakato. Makala hiyo ilimsaidia kuliko zile zote za mwanzo, kwa sababu ilimpa swali la kuuliza kila fasili aliyokutana nayo: mwandishi huyu anazungumzia mtu alivyo, anachofanya, au anakofika?

Sifa tisa zilizokuwa tatu

Rasimu ya kwanza ilitaja sifa bainifu tisa: kukutana na shida, kujiamini, matumaini, ucheshi, msaada wa wenzake, kunyumbulika, kurejea katika hali, afya njema ya akili na kubaki kazini. Kila moja ilikuwa imetoka kwenye makala fulani, na kwa hiyo kila moja ilionekana kuwa na haki ya kuwepo. Orodha ndefu namna hii ni dalili. Ikifika tisa, jua kwamba ndani yake kuna vitu vinavyokuja kabla ya dhana na vinavyokuja baada yake, vimechanganywa na dhana yenyewe. Walker na Avant wanasema wazi kwamba kitu kimoja hakiwezi kuwa kitangulizi na sifa bainifu kwa wakati mmoja.

Chanzo kilikuwa jedwali lake. Lilikuwa na mstari mmoja kwa kila makala na safu iliyoitwa "sifa". Makala nzima inasema mambo mengi, na safu moja inayameza yote. Nikamwomba abadilishe kipimo: mstari mmoja uwe wa sentensi moja ya fasili, iliyonakiliwa neno kwa neno, na mbele yake safu tatu. Ya kwanza iandikwe kilichokuwepo kabla, ya pili kinachotokea, ya tatu kinachobaki baadaye. Sentensi isiyoweza kugawanywa hivyo iachwe na alama ya kuuliza. Kazi hiyo ilimchukua wiki mbili, na alirudi akiwa amekasirika kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya safu ya katikati ilikuwa tupu. Waandishi walikuwa wameeleza kwa wingi wanaoweza kustahimili ni akina nani na wanapata faida gani, wakasema machache kuhusu kustahimili kwenyewe.

Baada ya hapo tuliipitisha kila sifa kwenye maswali mawili. Je, muuguzi anaweza kuwa nayo kabla pigo halijamfika? Akiwa nayo, basi ni kitangulizi. Je, ikiondolewa, dhana inakufa? Isipokufa, si bainifu hata kama ni nzuri.

Kukutana na shida kulihamia kwenye vitangulizi bila ubishi. Kujiamini na matumaini navyo, maana mtu huja navyo kazini. Ucheshi ulianguka kwenye swali la pili: kuna wauguzi wakimya wasio na mzaha ambao huinuka vizuri kabisa. Kubaki kazini na afya njema ya akili vilikwenda kwenye matokeo. Hapa nilimwongezea tahadhari, kwa kuwa kubaki kazini ni tokeo lenye udanganyifu. Muuguzi anaweza kubaki kwa sababu hana pengine pa kwenda.

Msaada wa wenzake ulitusumbua. Mwanafunzi aliutetea kwa nguvu, na alikuwa na hoja, kwani uchambuzi uliochapishwa na Earvolino-Ramirez mwaka 2007 unaweka uhusiano mwema na msaada wa kijamii miongoni mwa sifa bainifu. Tulipoukata neno kwa neno, tuliona ni vitu viwili. Kuwepo kwa wenzako wanaoweza kukusaidia ni hali ya mazingira, nayo hutangulia. Kuwaendea na kuutumia msaada wao ni tendo, na tendo hilo ni namna moja ya kunyumbulika. Sifa moja ikagawanywa, nusu ikaenda huku, nusu kule.

Kurejea ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, na nakiri hata mimi sikuwa na jibu siku hiyo. Ukisema kurejea ni tokeo, basi ustahimilivu unabaki kuwa juhudi tu, na aliyejitahidi akashindwa anahesabika sawa na aliyeinuka. Ukisema ni sifa, umeweka mwisho wa safari ndani ya safari. Suluhisho lilikuja kwa kutenganisha mwendo na kituo. Utendaji wa muuguzi ulioshuka baada ya pigo unaanza kupanda, na kupanda huko kunaonekana kungali kunaendelea: huo ni mwendo, na bila huo hakuna ustahimilivu. Mahali anapofika, iwe ni amani ya moyo, ujuzi zaidi au miaka mingine kumi ya kazi, ni matokeo.

Mwishowe zikawa sifa tatu. Muuguzi anakiri kuwa pigo limemgusa. Anabadilisha namna yake ya kufikiri au kutenda ili kulikabili. Utendaji wake ulioshuka unapanda tena. Gillespie na wenzake, walioichambua dhana hii mwaka 2007, walifikia kujiamini, matumaini na kukabiliana. Mwanafunzi aliogopa kutofautiana na watu waliochapishwa. Nikamwambia tofauti hiyo asiifiche, aandike nusu ukurasa juu yake: wao waliweka uzito kwenye kile mtu anacholeta, yeye ameuweka kwenye kile kinachotendeka, na sababu ni swali la Luthar. Msahihishaji makini ataisoma nusu ukurasa hiyo kwa hamu kuliko kurasa kumi za makubaliano.

Visa vyaandikwa upya

Kisa kielelezo kipya kilimchukua jioni moja, na hilo lenyewe lilikuwa ishara kwamba sifa sasa zimekaa sawa. Nakifupisha.

Muuguzi amemhudumia kijana aliye kwenye mashine ya kupumulia kwa siku 19. Kijana anafariki katika zamu yake baada ya dakika 40 za kujaribu kuuamsha moyo. Wiki inayofuata muuguzi anarudia kukagua kengele za mashine mara tatu tatu bila sababu, anachelewa kutoa dawa, na kila zamu ikigawanywa anaomba asipewe kitanda namba 4. Siku ya sita anamwambia kiongozi wa zamu, "Kitanda kile kinanishinda." Wanakubaliana kwamba kwa wiki mbili atawahudumia wagonjwa walio karibu na kifo akiwa pamoja na mwenzake. Anapitia rekodi za kijana yule na daktari aliyekuwepo, anaona hakuna hatua iliyorukwa. Anaanza desturi ya kukaa dakika kumi na mwenzake baada ya makabidhiano kila panapotokea kifo. Kufikia wiki ya tano dawa zinatoka kwa wakati, kengele anazikagua kama zamani, na kitanda namba 4 anakichukua mwenyewe bila kuombwa.

Weka kidole kwenye sifa tatu, utazikuta zote, na kila moja ina tukio linaloonekana. Hakuna mahali palipoandikwa "alikuwa mstahimilivu". Rasimu nyingi hupenyeza neno lenyewe au kisawe chake ndani ya kisa, na hapo msomaji anakubali kwa sababu ameambiwa, bila kuonyeshwa.

Kile kisa cha kwanza hakikutupwa. Kilihamia chini kikawa kisa jirani, yaani kisa cha dhana inayofanana na ile inayochambuliwa lakini yenye jina lake. Jina lake ni uvumilivu. Muuguzi wa zamu mbili hakukiri kuguswa, hakubadilisha kitu, na hatujui kama utendaji wake ulishuka, kwa kuwa mwandishi alitutajia tu kwamba alimaliza kazi. Katika nafasi hiyo mpya kisa kile kilifanya kazi kubwa kuliko awali, kwa sababu kilionyesha mpaka ambao wasomaji wengi wangeuvuka bila kujua, wakiwemo wakuu wa wodi wanaosifia watu wasiolalamika.

Kisa kinyume cha rasimu ya kwanza kilimhusu muuguzi mvivu anayechelewa na kugombana na ndugu wa wagonjwa. Kilichekesha, lakini hakikuthibitisha kitu. Muuguzi yule hakupatwa na pigo lolote, kwa hiyo kukosa kwake ustahimilivu hakutuambii zaidi ya kusema jiwe halina usingizi. Kisa kinyume lazima kiwe na vitangulizi vilevile na kikose sifa zote. Tulitumia kifo kilekile cha kijana wa siku 19. Muuguzi wa pili anasema hajaguswa, anaendelea kukwepa kitanda kilekile kwa visingizio vilevile, na miezi mitatu baadaye makosa yake ya dawa yameongezeka. Si mtu mbaya, na mwandishi hakuruhusiwa kumfanya hivyo.

Kisa cha mpakani kilizua mjadala mrefu kuliko vyote. Muuguzi wa tatu anakiri kuumia, anachukua likizo ya wiki mbili, anarudi na kufanya kazi kama zamani, lakini hakubadilisha chochote. Ana sifa mbili, amekosa kunyumbulika. Mimi nilielekea kumwita mstahimilivu. Mwanafunzi alikataa: huyo amepona tu, alisema, kama kidonda kinavyopona chenyewe, na kifo kijacho kitamkuta vilevile. Tuliacha ubishi wetu uingie kwenye makala kama ulivyokuwa, kwa sentensi nne.

Halafu akafanya jambo ambalo hakulisoma popote. Alivichapa visa vinne bila vichwa, akawapa wenzake wawili wa kazini, akawaomba waseme kipi ni ustahimilivu. Kielelezo na kinyume walivitambua wote wawili. Cha mpakani walitofautiana, kama ilivyotarajiwa. Kisa jirani, yule muuguzi wa zamu mbili, mmoja alikiita ustahimilivu bila kusita. Hilo lilimthibitishia kwamba aya ya himili na hamali ilistahili kubaki.

Viashiria, na mtego wa dodoso

Hatua ya mwisho katika rasimu ilikuwa na mistari mitatu: ustahimilivu hupimwa kwa CD-RISC. Basi. Hapa watu wengi huteleza, maana viashiria vinavyoonekana si jina la dodoso. Ni mambo ambayo, yakionekana, yanaonyesha kuwa sifa bainifu ipo. Kwa kila sifa yake tatu mwanafunzi alitakiwa kuandika angejuaje akiwa amesimama wodini. Kwa kukiri kuguswa, maneno ya muuguzi mwenyewe kwa mtu mwingine. Kwa kunyumbulika, utaratibu ambao haukuwepo kabla. Kwa utendaji unaopanda, rekodi za muda wa kutoa dawa wiki baada ya wiki, pamoja na anavyojigawia au kukwepa wagonjwa.

Dodoso linakuja baada ya hapo, na uchambuzi ndio unaolichagua. CD-RISC, iliyochapishwa mwaka 2003, ina vipengele 25 vyenye alama 0 hadi 4, jumla 0 hadi 100. Sehemu kubwa ya vipengele hivyo inauliza mtu alivyo: kama anajiamini, kama anaweza kuhimili hisia ngumu, kama ana malengo. Hivyo, kwa ramani mpya ya mwanafunzi, vingi vinapima vitangulizi. BRS, dodoso la mwaka 2008, ina vipengele 6 tu, vitatu vimeandikwa kwa kukubali na vitatu kwa kukana, na vinauliza moja kwa moja kuhusu kuinuka baada ya magumu. Inaikaribia sifa yake ya tatu, ingawa haigusi kunyumbulika, na kwa kuwa mtu anajijibia mwenyewe inabaki kuwa anachojidhania. Hakupata dodoso linalobeba sifa zote tatu. Aliandika hivyo, na alipanga utafiti wake wa baadaye utumie BRS pamoja na rekodi za wodi.

Njia nyingine, na swali lililobaki

Katikati ya kazi aliniuliza kama asingefanya vizuri kuhamia kwenye njia ya Rodgers ya kuchambua dhana, maana kubuni visa kulimkera. Swali lake lilikuwa na uzito. Mwaka 1996 kikundi cha Morse kilikosoa vikali njia zilizotokana na Wilson, na sehemu ya malalamiko ni hiyohiyo: unachagua sifa, kisha unatunga kisa chenye sifa ulizochagua, kisha kisa kinathibitisha sifa. Ni mduara. Rodgers, aliyependekeza njia yake mwaka 1989, anaiona dhana kuwa kitu kinachobadilika kadiri watu wanavyoitumia, hivyo anaanzia kwenye maandishi ya vipindi na nyanja mbalimbali, na mfano anautafuta katika hali halisi badala ya kuutunga.

Kama lengo lake lingekuwa kuonyesha jinsi maana ya ustahimilivu ilivyosafiri kutoka kwa watoto wa Kauai hadi kwa wauguzi, ningemhamisha siku hiyohiyo. Lakini lengo aliloliandika katika hatua ya pili lilikuwa kupata maana itakayomwezesha kuchagua kipimo, na kwa hilo mpaka mkali unaotokana na visa unafaa zaidi. Nilichomkataza ni kuchukua hatua tano za huku na mbili za kule akaziita zote kwa jina la Walker na Avant. Wasahihishaji huliona hilo mara moja, kwani neno "visawe" la Rodgers likitokea ghafla ukurasa wa 9 linajitangaza lenyewe. Kuhusu mduara, lile jaribio la wenzake wawili liliupasua kidogo. Halikuumaliza.

Fasili yake ya mwisho ilisomeka hivi: ustahimilivu wa muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi ni mchakato ambao muuguzi aliyepigwa na tukio zito la kazi anakiri kuguswa nalo, anabadilisha namna yake ya kulikabili, na utendaji wake ulioshuka unapanda tena. Hakuna ucheshi ndani yake, wala nguvu za moyo, wala kubaki kazini.

Alipoileta nilimrudishia ikiwa na alama moja pembeni, kwenye maneno "unapanda tena": kwa muda gani? Muuguzi wa kielelezo alichukua wiki tano. Angechukua mwaka mzima, tungemwita nini? Alikwenda kutafuta kwenye sentensi zake zote za jedwali, na hakukuta hata moja iliyotaja muda. Siku mbili baadaye alinitumia ujumbe: "Mwalimu, sitaweka namba nisiyoweza kuitetea. Nimeandika kwamba maandishi niliyosoma hayajasema, na kwamba wiki tano ni za kisa changu tu."

Nikaifuta ile alama.